Mbona mtaalamu hasemi "ni yeye"?

"Picha ya kamera ya dukani na ya kitambulisho zinafanana kabisa. Mbona ripoti ya mtaalamu wa kulinganisha nyuso inasema 'inaunga mkono kwa kiasi' tu kwamba ni mtu yule yule?"

Ndugu, mtaalamu huanza na picha ya kamera peke yake, kabla ya kutazama kitambulisho, ili macho yasitafute kufanana. Kisha hulinganisha sehemu moja moja: sikio, pua, makunyanzi, makovu. Kupima kwa rula hakuaminiki, maana kamera ya karibu hukuza pua. Doa shavuni laweza kuwa baka la kweli au kasoro ya picha iliyobanwa ili faili iwe ndogo. Likihama pamoja na shavu fremu hadi fremu, lina uzito. Lakini hakuna takwimu za kutosha kujua ni wangapi wengine wana sikio kama lile, kwa hiyo kutaja asilimia kungekuwa kubahatisha.