Urefu upi unaoingia kwenye hesabu ya GSD

Mpima anayeanza kazi ya droni hukutana mapema na herufi tatu, GSD, ambazo maana yake ni ukubwa wa eneo la ardhi linalobebwa na pikseli moja ya picha. Ukiambiwa GSD ni sentimita 3, ufahamu kwamba kila kijiraba cha picha kimefunika mraba wa ardhi wenye upande wa sentimita 3, na kwamba kitu chembamba kuliko hapo hakitaonekana kwa umbo lake. Programu za kupanga safari za droni hutoa namba hiyo zenyewe, na ndiyo sababu wengi hawajifunzi kuikokotoa kwa mkono. Nami sikujifunza mpaka niliporudishwa shambani kupiga upya.

Nitatumia kamera ya DJI Phantom 4 Pro, kwa kuwa ndiyo niliyoishika kwa muda mrefu na namba zake ni rahisi. Kihisi chake kina upana wa milimita 13.2, lenzi ina urefu wa fokasi wa milimita 8.8, na picha kamili ina pikseli 5472 kwa upana. Kabla ya kugusa fomula, gawanya upana wa kihisi kwa urefu wa fokasi: 13.2 kwa 8.8 ni 1.5. Miale inayopita kwenye lenzi huunda pembetatu mbili zinazofanana, moja ndogo ndani ya kamera na nyingine kubwa inayoshuka hadi ardhini, kwa hiyo uwiano huo mmoja unatawala pande zote mbili. Droni ikiwa mita 100 juu ya ardhi tambarare, kamera ikitazama chini wima, picha itafunika upana wa mita 150. Mita hizo 150 zikigawiwa pikseli 5472, kila pikseli inapata sentimita 2.74. Fomula nzima ni hiyo hiyo, imeandikwa kwa mkupuo:

```
GSD = (upana_wa_kihisi * urefu_wa_kuruka) / (urefu_wa_fokasi * pikseli_za_upana)
    = (13.2 * 100) / (8.8 * 5472)
    = 0.0274 m
```

Milimita za juu na za chini zinafutana, na jibu linabaki kwa mita. Ukiwa na kamera hii unaweza kufupisha zaidi: gawanya mita za kuruka kwa 36.5, upate GSD kwa sentimita. Kinyume chake pia kinafaa, kwani mteja akitaka sentimita 2 unazidisha kwa 36.5 na kujua kwamba uruke mita 73.

Kosa la kwanza la wageni hutoka kwenye urefu wa fokasi. Ukifungua taarifa zilizohifadhiwa ndani ya picha utakuta namba mbili, `FocalLength` yenye 8.8 na `FocalLengthIn35mmFormat` yenye 24. Hiyo ya pili si urefu halisi wa lenzi, bali ni ulinganisho na kamera za filamu ya milimita 35, ambazo fremu yake ina upana wa milimita 36. Anayechukua 24 na kuiweka pamoja na 13.2 hupata GSD ya sentimita 1.0, jibu tamu ambalo kamera haiwezi kulitoa kwa urefu ule. Ukipenda kutumia 24, basi sharti utumie na 36, na utaona kwamba 36 kwa 24 ni 1.5 ile ile. Jihadhari vilevile na jina la kihisi cha “inchi moja”. Inchi ni milimita 25.4, ilhali kihisi chenyewe hakifiki hapo hata ukikipima kutoka kona hadi kona.

Hata hivyo, kosa la fokasi hugunduliwa ofisini, kwa maana jibu huwa zuri kupita kiasi. Lililonigharimu mimi lilikuwa la urefu wa kuruka.

Lilikuwa shamba la mteremko upande wa milima ya Uluguru, na mteja alitaka GSD isiyozidi sentimita 3 ili mifereji ya maji ionekane vizuri. Nilirusha droni kutoka tuta la juu, ambako gari liliweza kufika, nikaweka mita 100 na kuridhika na 2.74 iliyoandikwa kwenye skrini. Sikuzingatia kwamba mita 100 zile zilihesabiwa kutoka pale niliporushia. Droni ilishika kimo kimoja, ardhi ikaendelea kushuka chini yake, na kwenye bonde, lililokuwa takribani mita 40 chini ya tuta, kamera ilikuwa mita 140 kutoka ardhini. Gawanya 140 kwa 36.5, utapata sentimita 3.84.

Ubaya wa kosa hili ni ukimya wake. Nilikuwa nimepanga mistari ya kuruka kwa nafasi ya mita 45, ili picha za mistari miwili jirani zipandane kwa asilimia 70. Bondeni kila picha ilifunika mita 210 badala ya 150, kwa hiyo kupandana kuliongezeka hadi karibu asilimia 79, na programu ya kuunganisha picha haikulalamika hata kidogo. Ripoti yake ilionyesha GSD moja tu, ambayo ni wastani wa eneo zima, na wastani huo ukalificha bonde. Kama ningekuwa na kilima cha mita 30 juu ya tuta, mambo yangekuwa kinyume: GSD pale ingekuwa nzuri, sentimita 1.92, lakini picha ingefunika mita 105 tu, kupandana kungeshuka hadi asilimia 57, na huenda matobo kwenye ramani yangenionya.

Aliyenionya ni ubao. Tulikuwa tumetandaza mbao za alama zenye upande wa sentimita 60, ambazo kwa GSD ya 2.74 zilipaswa kuchukua pikseli 22 kila upande. Nilikuza picha ya bondeni, ya awali na si ramani iliyokwisha kuunganishwa, nikahesabu 16. Sentimita 60 kwa 16 ni 3.75, na 3.75 mara 36.5 ni mita 137, karibu kabisa na kimo halisi. Jaribu kuitoa ramani upya kwa pikseli za sentimita 3 na utapata faili kubwa zaidi lenye ukungu ule ule, kwa sababu mfereji ambao kamera haikuuona hauwezi kuzaliwa ndani ya kompyuta.

Tangu siku hiyo, kwenye eneo la mteremko natafuta kwanza tofauti ya mwinuko kati ya mahali pa kurushia na sehemu ya chini kabisa, kisha naiongeza kwenye urefu ninaokusudia kabla ya kukokotoa. Pale Uluguru, kwa sentimita 3, kimo cha juu kabisa kilichoruhusiwa na hesabu kilikuwa mita 109 juu ya bonde, yaani mita 69 tu juu ya tuta. Kuruka shamba zima kwa mita 69 kungenilazimu kusogeza mistari hadi mita 31 ili kupandana kubaki asilimia 70 juu ya tuta, na kungemaliza betri nyingi. Niliporudi niligawa eneo mara mbili: sehemu ya juu niliirusha kutoka tutani, na ya chini nikashuka na droni mgongoni nikairusha kutoka bondeni, nikiwa nimeacha mbao mbili kwenye ukanda ambao safari zote mbili ziliupita.