Barua kwa mwanangu: gauni la kukodi au la kununua

"Mama, dukani Kisumu gauni la harusi ni 15,000 kukodi na 30,000 kununua. Si afadhali ninunue tu?"

Mwanangu,

Hizo bei mbili bado huwezi kuzilinganisha. Tuseme la kukodi lina marekebisho ya 1,500, kufuliwa 2,000 na amana 10,000. Siku ya kulichukua utahitaji 28,500, ila likirudi salama gharama yako ni 18,500. La kununua, ongeza fundi 4,000 na kufua 2,000, ni 36,000. Ukimpata wa kuliuza kwake kwa 15,000, limekugharimu 21,000. Kwa hiyo tofauti ni 2,500 tu, na duka likikata zaidi ya hapo kwenye amana, kukodi kumekuwa ghali kuliko kununua. Usipompata mnunuzi, kukodi ni nafuu hata amana yote ikipotea. Mimi nakushauri ukodi, kwa sababu mnunuzi bado humjui.

Sasa ilinde hiyo amana. Pesa za kushikia tarehe ni tofauti na amana ya uharibifu: za kwanza kwa kawaida hukatwa kwenye bei na ukiahirisha huenda zisirudi, ya pili hurudi gauni likishakaguliwa. Ujumbe wa M-Pesa hausemi umelipia ipi, basi dai risiti inayotaja kila moja, siku ya kurudisha, faini ya kuchelewa, na kama kufua kumo ndani ya bei.

Kinachoharibika kwanza ni upindo. Sherehe yenu iko Ahero mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, na ule udongo mweusi wa Kano hunata. Fundi hawezi kukata gauni la kukodi. Hulikunja ndani na kulishikiza kwa mkono. Lipime ukiwa umevaa viatu vya siku yenyewe, upindo uachwe kama sentimita 3 juu ya nyasi. Mkia mwombe autilie kifungo na kitanzi ili uinuliwe baada ya kanisa. Tope likigusa, usilisugue likiwa bichi maana litazama kwenye nyuzi. Liache likauke, likung'ute, mengine mwachie dobi.

Kabla ya kutoka dukani piga picha za zipu, shanga zilizolegea, kwapa na shingo, kwa sababu doa la poda la bibi harusi aliyetangulia laweza kuhesabiwa kwako.

Ukibadili nia ukanunua, mwambie fundi akunje, asikate. Gauni lililokatwa kwa kimo chako halimfai mrefu kukuzidi.

Suti ya mwenzio ni heri inunuliwe, maana ataivaa tena. Aangalie mabega kwanza: kiuno na mikono hurekebishwa kwa urahisi, lakini mabega yakizidi, koti zima hufumuliwa.

Nitumie picha ya risiti mara tu ukishalipa amana.

Mama