Macho hayatoi ushahidi yenyewe: ushauri kwa anayeanza kumsoma Sellars

Nimefundisha insha ya mwanafalsafa Mmarekani Wilfrid Sellars kuhusu "ngano ya kilichotolewa" mara nyingi, na karibu kila darasa huzama kurasa za mwanzo. Ilianza kama mihadhara Chuo Kikuu cha London mwaka 1956, na Sellars hakuwa mtu wa kumhurumia msomaji. Ushauri wangu ni huu: usianze mwanzo. Anza kifungu cha 14, kwenye duka la tai za shingoni.

Lakini kwanza ujue anabishana na nani. Kila dai tunalitetea kwa dai jingine, na hilo kwa jingine tena. Wanafalsafa wengi waliona lazima mlolongo huo ukome mahali, wakasema unakoma kwenye data ghafi za hisi: doa jekundu ninaloliona sasa hivi, kabla sijaamua kama ni nyanya au taa. Hilo, walidai, nalijua papo hapo, bila kujifunza chochote kabla, na ujuzi wangu wote umejengwa juu yake. Hicho ndicho "kilichotolewa", na Sellars anakiita ngano.

Sasa twende dukani. Kijana aitwaye John anauza tai. Kila siku amezitazama kwa mwanga wa kawaida, na hakosei rangi. Taa za umeme ndiyo kwanza zimefungwa. Rafiki yake Jim anaingia, John anamwonyesha tai akimwambia hii ni ya kijani, nzuri. Jim anakataa, anamtoa nje, na huko tai ni ya bluu. John anashangaa: mle ndani ilikuwa kijani, sasa imekuwa bluu! Jim anamkumbusha kwamba tai haibadiliki rangi kwa kuhamishwa tu. Baada ya muda John anajifunza kusema, akiwa chini ya zile taa, kwamba tai hii "inaonekana kijani".

Angalia mpangilio wa mambo. John hakuanza na "inaonekana" kisha akapanda hadi "ni". Alianza na "ni kijani". Ili aseme "inaonekana kijani" ilibidi ajue kwanza kijani ni nini, mwanga upi unafaa kutazamia rangi, na kwamba vitambaa havigeuki rangi mlangoni. Kauli iliyodhaniwa kuwa ya chini kabisa kumbe inasimama juu ya ujuzi mwingi.

Hapa ndipo wanafunzi hukaza. Mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, naweza kukosea kuhusu tai, lakini siwezi kukosea kwamba naiona kijani." Nikamwuliza kwa nini hawezi kukosea. Akafikiri, akasema, "Kwa sababu sijadai chochote kuhusu tai." Basi, jibu alikuwa nalo mwenyewe. Asemaye "inaonekana" amejizuia kuidhinisha kwamba ndivyo ilivyo. Usalama wake unatokana na huko kujizuia, na ambacho hakijadai kitu kuhusu tai hakiwezi peke yake kubeba madai yetu kuhusu tai.

Ukishaelewa hapo, rudi kifungu cha 6, kisome polepole. Sellars anaonyesha kwamba watetezi wa data za hisi hushikilia mambo matatu ambayo hayakai pamoja. Kwamba kuhisi wekundu tayari ni kujua kuwa kitu fulani ni chekundu. Kwamba kuhisi tunazaliwa nako. Na kwamba kujua kitu kiko hivi au vile ni jambo la kujifunza. Chukua mawili yoyote, la tatu linaanguka. Wengi, nami nikiwemo, huona la kuachwa ni la kwanza: kuhisi hutokea mwilini, na kunasababisha imani, ila kusababisha imani si sawa na kuihalalisha.

Kosa la kawaida kwenye mitihani ni kuandika kwamba Sellars anakana kuona, au anasema kila tunachokiona tumekikisia. Sivyo. Anakubali kwamba naingia chumbani na kujua papo hapo, bila kukokotoa lolote, kuwa ukuta ni mweupe. Anachokana ni kwamba ujuzi huo unajitegemea. Ili kauli yangu ihesabiwe kuwa ujuzi, lazima nijue pia kwamba nikisema hivyo katika hali kama hii, kwa kawaida ndivyo mambo yalivyo.

Msomaji makini atauliza: huo ujuzi wa pili niliupataje, kama si kwa kuona? Swali ni zuri, na jibu liko vifungu vya 36 na 37. Leo naweza kukumbuka matukio ya zamani na kuyatumia kama ushahidi, ingawa yalipotokea sikuwa bado na dhana za kuyafanya yawe ujuzi. Mduara unakwepwa. Gharama yake ni kwamba mtoto mchanga anayemgeukia mama yake bado hajui, kwa maana hii, kwamba yule ni mama. Mimi gharama hiyo nailipa. Wenzangu kadhaa wamekataa katakata, na sina hoja ya kuwanyamazisha.