Gololi 18 kwenye mchoro wa habu ya nyuma ya baiskeli

"Nimepiga picha mchoro wa habu kwenye kitabu cha ufundi. Gololi zimeandikwa 18, lakini upande mmoja zinaingia 9 tu. Nimekosea wapi?"

Hujakosea, ndugu. Hiyo 18 ni ya habu nzima: 9 kila upande, za robo inchi. Zikishakaa kwenye grisi utaona pengo dogo. Liache, usilazimishe ya kumi.

Mstari wa nukta unaopita katikati ni ekseli. Usome kutoka nje kuingia ndani: nati, washa, koni, gololi. Mteremko laini wa koni hutazama gololi.

Washa ndizo zinazopoteza watu. Ile nene ni ya upande wa friwili. Mimi hapa Mbale niliwahi kuiweka kushoto. Friwili ikasaga fremu, na mwenye baiskeli alikuwa amesimama pale na matoke yake akingoja.

Ukikaza nati, shika koni kwa spana nyembamba, la sivyo itazunguka nayo na kubana gololi. Kisha zungusha ekseli kwa vidole. Ikikwaruza, legeza koni robo mzunguko. Ikigonga ukiitikisa, kaza kidogo.