Video ya kufungua boksi la simu: tazama lebo kwanza

"Wakuu, niko Lindi. Muuzaji wa Mtwara mjini kanitumia video akifungua boksi la simu. Nitajuaje kama ni feki kabla sijatuma hela?"

Ndugu yangu, simamisha video pale lebo ya IMEI inapoonekana, utazame herufi ndogo kabisa. Maboksi feki mengi ni ya kuskaniwa na kuchapwa upya, kwa hiyo herufi nyeusi huwa na vidoa vya rangi pembeni. Ila video ya WhatsApp hufifisha hata chapa nzuri, basi usihukumu kwa ukungu tu. Omba picha ya karibu, yenye mwanga wa mchana, itumwe kama dokumenti.

Kisha arekodi video nyingine bila kukata: lebo, halafu simu hiyohiyo ikibonyezwa *#06#. Tarakimu zote 15 zilingane. Mimi niliyotumiwa mwaka jana ilikuwa na boksi safi kabisa, lakini nne za mwisho zilitofautiana. Nikaachana nayo.

Zikilingana, bado tuma IMEI kwa meseji kwenda 15090, huduma ya TCRA. Likirudi jina la modeli nyingine, namba hiyo imenakiliwa. Usitume hela.