Skrini ya hezi 120 kwa asiyecheza gemu

"Sichezi gemu, kazi yangu ni kusoma na kuandika. Hezi 120 itanisaidia chochote?"

Habari ndugu. Itakusaidia unaposhusha kurasa ndefu. Hezi 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, hezi 120 kila 8.3, hivyo maandishi husomeka hata yakiwa bado yanatembea. Ila kwanza angalia kasi ya pikseli. Laptopu yangu ni ya hezi 120, lakini pikseli zake huchukua kama milisekunde 30 kubadili rangi, kwa hiyo nikishusha ukurasa herufi nyeusi huacha kivuli cha kijivu nyuma yake. Inachosha macho kweli. Ukiandika huku ukurasa umetulia, hutaona tofauti. Ukiwa kwenye betri, kwa Windows 11 irudishe 60 kupitia Settings > System > Display > Advanced display, chaji idumu zaidi.