Siku moja ya kuonja kazi jikoni

"Nimefanyiwa mahojiano ya upishi kwenye hoteli moja Mombasa. Nikimwomba meneja niende siku moja nione kazi kabla sijakubali, si ataona namringia?"

Hapana, ndugu yangu. Jikoni hilo ni jambo la kawaida. Mpishi mkuu mwenyewe hupenda kukuona ukishika kisu. Ila omba baada ya mahojiano, kabla hujatia sahihi, na utaje muda kamili. Mimi niliandika hivi: "Habari za leo, bosi. Naomba, ikiwezekana, nije Ijumaa saa tano hadi saa tisa mchana nione kazi ya jikoni inavyokwenda. Je, nitatazama tu au nitashika kazi? Nina cheti cha afya."

Hilo swali la kutazama au kushika kazi usiliache. Ukitazama, hakuna anayetarajia malipo. Ukikatakata vitunguu gunia zima na kupakua sahani za wateja, hiyo ni kazi, basi muulizane malipo mapema. Cheti nacho ni muhimu, maana bila hicho hupaswi kugusa chakula cha wateja.

Chagua saa za msukosuko, si asubuhi tulivu. Mimi nilijua mengi kwa kumsikiliza tu mpishi anavyowasemesha waosha vyombo oda zikirundikana.

Meneja akikwambia "njoo wiki mbili tukuone" bila karatasi wala senti, kataa. Kipindi cha majaribio halisi, kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kinakuwa ndani ya mkataba, na mshahara unalipwa.